Kutafsiri Tangazo la Kuondoa Bidhaa Hatari Sokoni: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Regyuleta ya Gesi

Tangazo la kuondoa bidhaa sokoni linafika kwa mfasiri likiwa limeshapita kwenye meza ya mwanasheria wa kampuni, na mwanasheria anafanya kazi ya kuilinda kampuni. Msomaji wako wewe ni mama mwenye mgahawa Mwanjelwa, fundi wa Mafinga, au mwalimu wa Makete ambaye mwezi Julai hafungui dirisha hata kidogo kwa sababu ya baridi. Anataka kujua mambo matatu tu: je, ni hiki changu? Kitanifanya nini? Nifanyeje sasa hivi? Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kutoka kwenye karatasi ya mwanasheria hadi kwenye majibu hayo matatu, bila kubadilisha ukweli wa kampuni na bila kuongeza chumvi.

Nimechagua regyuleta ya gesi ya kupikia kwa sababu humo makosa yote ya tafsiri yanajitokeza. Hatari yenyewe haionekani kwa macho, na mpangilio wa hatua za kuchukua ni suala la uhai. Modeli na namba nitakazotumia ni za kubuni. Gesi na tabia zake si za kubuni.

Anza kwa kuielewa hatari, siyo maneno

Tuseme umeletewa tangazo kutoka ofisi ya Ulaya. Ukilifuata neno kwa neno, linatoka hivi:

"Kampuni, ikiwa imejizatiti katika ubora, kwa hiari yake na kama hatua ya tahadhari, inarejesha idadi ndogo ya regyuleta za modeli KR-22. Imebainika kwamba katika mazingira fulani kiwambo cha ndani kinaweza kuharibika kabla ya muda wake, hali inayoweza kusababisha utokaji wa gesi usiokusudiwa. Hakuna majeraha yaliyoripotiwa hadi sasa. Wateja wanashauriwa kusitisha matumizi na kuwasiliana na kituo cha huduma wakiwa na uthibitisho wa manunuzi."

Kiswahili hicho ni sahihi kabisa kisarufi. Mama wa Mwanjelwa akikisoma ataikunja karatasi na kuendelea kuchemsha maharage.

Kabla hujaandika sentensi moja, jieleze mwenyewe mnyororo wa madhara kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya regyuleta kuna mpira mwembamba unaopunguza nguvu ya gesi inayotoka mtungini. Mpira huo ukipasuka, gesi inatokea pembeni badala ya kwenda jikoni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi juu ikatokea dirishani. Inalala sakafuni, inajikusanya chini ya meza, inatambaa hadi chumba cha pili. Ikikutana na cheche, inashika moto kwa mpigo. Cheche hiyo si lazima iwe kiberiti, swichi ya taa inatosha. Kwa asili gesi hiyo haina harufu. Ile ya mayai yaliyooza huongezwa kwa makusudi ili mtu ashtuke mapema.

Usipoujua mnyororo huu, hutajua ni kipi kwenye tangazo la Kiingereza ni cha maana na kipi ni mapambo. Hutajua pia ni kipi kimeachwa. Tangazo letu, kwa mfano, halijasema lolote kuhusu mtu aliyerudi nyumbani saa 2 usiku akakuta jiko limezimwa lakini harufu imejaa. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na kifo.

Maswali ya kuirudishia kampuni

Mfasiri hana ruhusa ya kubuni maelekezo ya usalama. Ana ruhusa ya kuuliza, tena aulize kwa maandishi. Kwenye tangazo la regyuleta mimi ningerudisha maswali haya.

La kwanza ni risiti. "Uthibitisho wa manunuzi" ni sharti jepesi kwa mtu wa Ulaya. Hapa kwetu regyuleta imenunuliwa Soko Kuu Iringa au kwenye kibanda cha vifaa Kabwe, risiti haikutolewa, au ilitolewa ikaishia kwenye mfuko wa suruali uliofuliwa. Nyingine ilinunuliwa Mbeya mjini ikapelekwa kwa bibi Tukuyu. Ukitafsiri sharti hilo kama lilivyo, wenye mali ile watajiona hawahusiki na wataendelea kupikia. Uliza: asiye na risiti atapokelewa? Mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa sababu namba iliyogongwa kwenye kifaa inatosha kuwa ushahidi. Ukishapata jibu hilo, liandike wazi: "Risiti si lazima."

La pili ni jinsi ya kufunga gesi. Tangazo la nje likisema "funga vali ya mtungi", linafikiria mtungi wenye mkono wa kuzungusha. Mitungi mingi ya kwetu haina mkono huo: regyuleta inabanwa juu, na kitasa cha kufungia kiko kwenye regyuleta yenyewe. Ukizima na kuibandua, mtungi unajifunga wenyewe. Sasa kama kilichoharibika ni regyuleta, je, kuibandua ni salama? Ni salama kwa kila mtu, au kwa yule tu ambaye hajasikia harufu? Hilo lijibiwe na fundi wa kampuni, siyo wewe na siyo afisa masoko wake.

La tatu ni mahali pa kurudisha na namba ya kupiga. Namba ya bure ya Ulaya haipigiki kutoka Vwawa. Hata ikipigika, saa zake ni za kwao: kituo ambacho tangazo linasema kinafunguliwa 09:00, yaani saa 3 asubuhi kwa saa za Ulaya ya Kati, kwetu kinafunguliwa saa 5 asubuhi wakati wa baridi yao, na saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi chao. Na hapo umeshakwepa mtego mwingine, wa kuandika "saa 9" kwa kuiga tarakimu, ukamfanya mtu apige simu saa 9 alasiri au, mbaya zaidi, saa 9 usiku. Omba namba ya Tanzania inayopokelewa na mtu anayeongea Kiswahili. Kampuni ikishindwa kutoa hiyo, iandikiwe waziwazi kwamba tangazo litasomwa lakini halitafanyiwa kazi.

Tarehe nazo ziangaliwe. Tangazo likitoka Marekani, mwezi hutangulia siku. "03/07/2024 hadi 11/05/2024" kwao ni kuanzia tarehe 7 Machi hadi 5 Novemba. Sisi tukisoma, ni 3 Julai hadi 11 Mei, yaani muda unarudi nyuma, na hapo angalau utashtuka. Tarehe nyingine hazikushtui hata kidogo. Andika mwezi kwa jina, siku zote.

Maneno ya kupooza hatari yaondoke

Kwenye tangazo letu kuna "kwa hiari yake", "hatua ya tahadhari", "idadi ndogo", "katika mazingira fulani" na "hakuna majeraha yaliyoripotiwa". Kila moja linamnong'oneza msomaji kwamba hakuna haraka. Na mfasiri mwaminifu anaogopa kuyafuta, akidhani anaiba maneno ya mwenye tangazo.

Hapa una silaha nzuri. Umoja wa Ulaya una Kanuni ya Usalama wa Jumla wa Bidhaa, namba 2023/988, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024. Kifungu chake cha 36 kinaeleza tangazo la namna hii liweje, na kinakataza maneno yanayopunguza uzito wa hatari: yale ya hiari, ya tahadhari, ya "nadra", na hata kudai kwamba hakuna ajali iliyoripotiwa. Kanuni hiyo haina nguvu Mbeya. Lakini kampuni inayouza Ulaya inaifahamu, na ukimwambia mwanasheria wake kwamba unaomba wasomaji wa Iringa wapewe kile ambacho sheria inawapa wasomaji wa Lisbon, mazungumzo yanakuwa mafupi. Omba ruhusa ya kuyaondoa, upewe kwa maandishi, uitunze.

Kuondoa ganzi si kutia chumvi. Asili inasema mpira unaweza kuharibika, kwa hiyo usiandike kwamba kila regyuleta inavuja. Asili ina "kinaweza" na "inayoweza", na juu yake "katika mazingira fulani", shaka tatu ndani ya sentensi moja. Bakiza moja, iweke inapostahili: "Mpira uliomo ndani unaweza kupasuka. Ukipasuka, gesi inavuja na moto unaweza kulipuka." Kinachotegemea bahati ni kupasuka. Gesi kuvuja baada ya mpira kupasuka si suala la bahati tena, kwa hiyo "inavuja" isimame bila shaka yoyote. Kule mwisho "unaweza" imerudi kwa haki, kwa sababu moto unahitaji cheche.

Kichwa cha tangazo

Matangazo yetu ya kiofisi yana desturi ya kuanza na "Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wapendwa kwamba…" Ni adabu nzuri kwenye mwaliko wa mkutano mkuu. Kwenye tangazo la hatari inakula mstari wa kwanza, na mstari huo ndio pekee ambao watu wengi watausoma. Nembo ya kampuni nayo ishuke chini, kwa sababu nembo kubwa juu ya karatasi kwa macho ya mpita njia ni promosheni.

Neno "kurejesha" nalo ni la kuogopa kwenye kichwa. "KR-22 yarejeshwa sokoni" imekusudiwa kusema bidhaa inaondolewa, lakini msomaji wa kawaida ataelewa kwamba imerudi kuuzwa baada ya kupotea. Hata "Urejeshaji wa bidhaa" haumwambii mtu chochote. Kichwa kiwe amri, kitaje kifaa, na mstari wa pili utaje dhara:

ACHA KUTUMIA REGYULETA HII YA GESI
Inaweza kuvujisha gesi na kuzua moto ndani ya nyumba.

Ni hii yangu?

Sehemu hii ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa kuachwa fupi. Regyuleta zinafanana. Tena wako wanaopikia mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu yake, bila regyuleta wala mpira. Hao wakisikia "kifaa kilicho juu ya mtungi" watabandua kichomeo na kukipeleka dukani. Kwa hiyo sema kwanza kifaa ni kipi kwa kukieleza mahali kilipo: "Regyuleta ni kile kifaa kinachobanwa juu ya mtungi na kuunganishwa na mpira unaokwenda kwenye jiko." Kisha weka mchoro.

Nasema mchoro, siyo picha, kwa sababu karatasi hii itatolewa kopi kwenye steshenari, na kopi yake itatolewa kopi tena. Picha ikifika kopi ya tatu inakuwa doa jeusi. Mchoro wa mistari mizito, wenye mshale unaoonyesha namba ilipogongwa, unavumilia. Kwa sababu hiyohiyo usitegemee rangi nyekundu kubeba ujumbe.

Namba ziandikwe zote. Tuseme asili inataja pia toleo "L2307 hadi L2311". Baadhi ya watu watajiuliza kama L2311 yenyewe imo, na wengine hawasomi mfululizo kwa namna hiyo kabisa, wanatafuta namba yao kama wanavyotafuta jina kwenye orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza. Waorodheshee: L2307, L2308, L2309, L2310, L2311. Kwanza, hata hivyo, thibitisha na kampuni kwamba za mwanzo na mwisho zote zimo. Herufi na tarakimu zinakiliwe kama zilivyogongwa kwenye chuma, bila kutafsiri wala kutenganisha.

Halafu lipo la namba iliyofutika kwa mafuta na masizi. Tangazo la asili halilijibu. Jibu la kuomba kampuni ikubali ni hili: "Kama namba haisomeki, ihesabu kuwa ni miongoni mwa zilizoharibika."

Maelekezo: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Mtu akiwa na hofu anafanya kitu cha kwanza anachokisikia. Sentensi kama "Kabla ya kubandua regyuleta, hakikisha umezima moto wote" inamtajia kubandua kwanza. Panga maneno kwa mpangilio wa vitendo: zima jiko, kisha bandua.

Tatizo la pili ni la Kiswahili chenyewe. Katazo letu limo kwenye silabi ndogo ya mwanzo: *usiwashe*. Kwenye karatasi inaonekana. Likisomwa kwenye kipaza sauti cha gari la matangazo linalopita Sido na honi za bajaji zinalia, "usi" inamezwa na mtu anabaki na "washe". Dawa ni kutoacha katazo peke yake. Litangulize tendo la kukubali: "Acha taa kama ilivyo. Usiguse swichi." Hata nusu ya pili ikimezwa, nusu ya kwanza imeshafika.

Na useme wazi kwamba kuzima nako ni hatari. Watu wengi wanaelewa kwamba kuwasha taa kwenye gesi ni balaa, ila wanaona kuzima ni tahadhari. Cheche inaruka kwenye swichi pande zote mbili. "Acha taa kama ilivyo: kama imewaka iache imewaka, kama imezimwa iache imezimwa" ni sentensi ndefu kwa makusudi, na haifai kufupishwa.

Tatu, tafsiri mazingira pamoja na maneno. Kiingereza kitataja moto usiofunikwa kwa maneno mawili. Ukiyageuza kuwa "moto wa wazi" hutakuwa umesema kitu. Jikoni kwetu moto huo una majina: jiko la mkaa, mshumaa, kibatari, kiberiti, sigara. Jiko la mkaa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana nyumba nyingi za nyanda za juu zina gesi ya chai ya asubuhi na mkaa wa maharage na wa kuota moto, vyote chumba kimoja. Mtu akisikia harufu ya gesi na mkaa unawaka, afanye nini? Silika itamwambia ambebe mtoto mkono mmoja na jiko mkono mwingine. Pendekeza mstari wa kumzuia, upeleke kwa fundi wa kampuni au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wauridhie, ndipo uuweke. Mfano ufuatao unachukulia kwamba wameridhia.

Sasa tangazo lote, likisimama pamoja:

> ACHA KUTUMIA REGYULETA HII YA GESI
> Inaweza kuvujisha gesi na kuzua moto ndani ya nyumba.
>
> Regyuleta ni kile kifaa kinachobanwa juu ya mtungi na kuunganishwa na mpira unaokwenda kwenye jiko. Mpira mdogo uliomo ndani yake unaweza kupasuka bila wewe kuona. Ukipasuka, gesi inavuja hata kama jiko limezimwa.
>
> Angalia ya kwako. Juu imeandikwa KR-22. Igeuze: chini kuna namba. Ni hatari kama namba ni L2307, L2308, L2309, L2310 au L2311. Kama namba haisomeki, ihesabu kuwa ni hatari.
>
> Kama hakuna harufu ya gesi: Zima jiko. Zima regyuleta. Ibandue kwenye mtungi. Weka mtungi nje, mbali na moto. Ipeleke regyuleta dukani ulikonunua. Utapewa nyingine bure. Risiti si lazima.
>
> Kama unasikia harufu ya gesi (kama mayai yaliyooza): Acha taa kama ilivyo. Usiguse swichi, kuwasha wala kuzima. Watoe watu wote nje, mlango uache wazi. Kama jiko la mkaa linawaka ndani, liache, toka. Ukiwa mbali na nyumba, piga 114, Zimamoto. Usirudi ndani mpaka uambiwe.
>
> Hutaombwa pesa wala namba ya siri.
> Maswali: piga [namba], saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kila siku.

Utaona namba ya regyuleta inaangaliwa kwa kuigeuza, na mtu hawezi kuigeuza ikiwa imebanwa mtungini. Hilo ni jambo la kumrudia fundi: kama namba inaonekana kwa kuinama na tochi ya simu, sema hivyo. Kama haionekani, kuzima na kubandua kuje kabla ya kuangalia namba. Msomaji asikute anatumia mshumaa kumulika regyuleta inayovuja kwa sababu mfasiri hakujiuliza ataionaje. Simu yenyewe nayo itumike mahali pasipo na harufu.

Mstari wa pesa na namba ya siri haukuwa kwenye asili. Umewekwa kwa sababu tangazo linaloahidi kitu cha bure na kutaja namba ya simu, kwa Mtanzania wa leo, lina harufu ya utapeli. Kampuni iwe pia imeshaitaarifu TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ili mtu mwenye shaka akiuliza huko asijibiwe kwamba hawana habari.

Kufupisha kwa ajili ya simu

Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, pamoja na nafasi tupu. Kiswahili kinatosha humo, isipokuwa kwa mtego mmoja: alama ya *ng'*. Ukiandika kwenye kompyuta, mara nyingi programu inaigeuza kuwa ile alama iliyojipinda. Alama hiyo haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu, kwa hiyo ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Mteja analipia jumbe tatu badala ya moja, na zikifika zimetengana, mwisho unaweza kusomwa kabla ya mwanzo. Tumia alama iliyonyooka, au epuka maneno yenye *ng'* kabisa. Huu una herufi 153:

```
HATARI: Regyuleta ya gesi KR-22 (L2307-L2311) inaweza kuvuja na kuzua moto. Acha kuitumia sasa hivi. Irudishe dukani upewe nyingine bure. Piga 0XXXXXXXXX
```

Namba hapa zimefupishwa kwa kistari kwa kukosa nafasi. Kwenye karatasi na redioni usifanye hivyo. Redioni msomaji asome tarakimu moja moja, "L, mbili, tatu, sifuri, saba", na arudie mara mbili, maana msikilizaji wa Chunya anatafuta kalamu bado.

Kupima kama imeeleweka

Usimuulize mtu "Umeelewa?" Atakujibu "Nimeelewa", kwa heshima tu, hasa ukiwa umevaa vizuri na umeshika karatasi. Mpe asome, kisha ichukue karatasi, umuulize atakachofanya. Tafuta watu watano au sita wasiofanana: mwenye mgahawa, muuza duka la vifaa, kijana wa bodaboda, mzee anayesomewa na mjukuu.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, tuseme umerudi kutoka sokoni jioni, umefungua mlango, unasikia harufu ya gesi. Unaanza na nini?"

"Naingia, nafunga gesi kwanza."

Hapo umepata kitu. Karatasi ilimwambia atoke, yeye anaingia, na ana sababu yake: amezoea kwamba chanzo cha shida ni mtungi, kwa hiyo anaufuata. Usimsahihishe kana kwamba amefeli mtihani. Muulize, "Ni wapi kwenye karatasi ungetaka uambiwe usiingie?" Watu wawili wakijibu hivyo, sehemu ya harufu ipande juu ya sehemu isiyo na harufu, na iongezewe maneno "Usiingie kufunga gesi", kwa idhini ya kampuni kama kawaida.

Muuza duka muulize swali lake la pekee: regyuleta zikirudishwa utaziweka wapi? Akisema zitakaa pale kaunta, ujue kijana wake atauza mojawapo siku yeye akiwa Tunduma. Maduka yaandikiwe karatasi yao fupi tofauti: toa zote rafuni leo, zirudishwazo zifungwe kwenye boksi lenye maandishi "MBOVU, HAZIUZWI", usimpe fundi spea zake.

Baada ya kutoka

Hakikisha kila karatasi ina tarehe ya kutolewa, kwa maneno, kona ya chini. Kampuni huongeza namba baadaye: leo ni L2307 hadi L2311, wiki mbili mbele wanagundua kwamba L2312 nayo imo. Ukitoa tangazo jipya linalofanana na la kwanza, watu waliokwisha kuangalia regyuleta zao na kukuta ziko salama hawatalisoma tena. Badilisha mstari wa pili wa kichwa useme kilicho kipya: "NAMBA L2312 IMEONGEZWA. Kama uliangalia mwanzo, angalia tena." Karatasi za zamani zibanduliwe kwenye mbao za matangazo za kata na milango ya maduka. Kazi hiyo iombewe mtu mwenye jina kwenye kila mtaa, kwa kawaida mwenyekiti wa mtaa, la sivyo zitabaki hadi mvua za Novemba.